Mabega Ishirini na Manne

Kama yupo mtu aliyewahi kusifiwa na Mkaguzi, basi alikufa kabla hajapata wa kumsimulia. Miaka kumi na tisa mama huyu alikuwa akikagua mahesabu ya majengo ya watu wengine, na kalamu yake nyekundu ilikuwa imemwaga damu nyingi kuliko bucha la sokoni. Wahandisi wazima, wenye vitambi na wajukuu, walitoka ofisini kwake wakikumbatia faili kama mtoto aliyebeba ripoti mbaya ya shule na hajui aipitishe mlango gani.

Alikuwa na desturi moja aliyoionea fahari kuliko vyeti vyake vyote ukutani. Alisoma mahesabu mpaka kosa la kwanza, akaishia hapo hapo. Alilizungushia duara, akaandika neno la kuuma pembeni, akafunga faili na kulirudisha. Hakusoma hata mstari mmoja zaidi.

"Sufuria ikishatoboka," alikuwa akisema, "sina haja ya kujua kama kifuniko chake kinakaa vizuri."

Watu walicheka, maana nani angethubutu kununa? Yeye alidhani wanacheka kwa sababu ana busara.

Sasa, katika kazi zote zilizopita mezani kwake mwaka ule, iliyomkera zaidi ilikuwa ghala la ghorofa moja lililokuwa likijengwa nje kidogo ya mji. Halikuwa jengo la ajabu. Nguzo kumi na mbili, na kila nguzo ina mabega mawili, moja kila upande. Bega ni kile kipande kifupi cha zege kinachochomoza ubavuni mwa nguzo ili boriti ipate pa kukalia. Boriti zenyewe zilikuwa zinamiminwa kiwandani, zije kwa lori zikiwa zimeshakauka, kreni izinyanyue na kuzilaza mabegani. Basi. Mabega ishirini na manne, yote mapacha, kila moja libebe mzigo wa tani thelathini hivi bila kulalamika.

Kilichomkera ni kwamba mahesabu ya mabega hayo yaliandikwa na shemeji yake.

Shemeji alikuwa mume wa mdogo wake wa mwisho. Mtu mpole, mrefu, anayeongea taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto. Mkaguzi hakumpenda tangu siku ya posa, na sababu yake ilikuwa moja tu: mtu asiyegombana hana anachokijua. Kwa kuwa alikuwa mwadilifu, au alijiona hivyo, alikuwa ameshamwambia mwenye jengo mapema kwamba huyu ni ndugu yake kwa ndoa. Halafu, asije mtu akasema anambeba, akaamua kumkaba mara mbili. Ndiyo haki ya namna yake, na ilimpa usingizi mzuri.

Faili la mabega lilipofika, alifika ukurasa wa pili tu. Pale shemeji alikuwa ameandika namba ya msuguano: sifuri nukta sita.

Mkaguzi alicheka peke yake ofisini mpaka mhudumu akachungulia. Jamani! Hata mwanafunzi anajua. Bega linapoelemewa na boriti, linataka kuteleza kwenda chini pale linapokutana na uso wa nguzo. Panaweza kupasuka hapo, na ufa wenyewe una makwaruzo. Kwa hiyo bega haliwezi kuteleza bila kwanza kujisukuma mbali kidogo na nguzo. Likijisukuma, nondo zinazopita kwenye ufa zinavutika, zinalibana bega lirudi nguzoni, na ule mbano ndio unaozaa msuguano. Msuguano ndio unaobeba mzigo. Zege la bega na nguzo likimwagwa kwa mkupuo mmoja, ufa wake ni wa meno, unang'ang'ania vizuri, na namba yake ni moja nukta nne. Sifuri nukta sita ni ya zege jipya lililobandikwa juu ya zege kavu lenye uso laini. Na mchoro aliokuwa nao mezani ulionyesha mkupuo mmoja.

Akazungusha duara. Pembeni akaandika: "Zege ni moja. Rudi darasani. Chuma si chumvi, hakinyunyizwi." Shemeji alikuwa ameweka nondo nne za milimita ishirini juu ya bega, na ringi nne, zile pete za chuma, chini yake. Mkaguzi akakokotoa kwa moja nukta nne, akakata, akaandika nondo nne za milimita kumi na sita na ringi mbili. Akafunga faili, akamtumia shemeji nakala.

Jumapili ile walikula kwa mdogo wake. Shemeji alikuwa anamenya chungwa la mwanawe pale Mkaguzi alipoanza.

"Mdogo wangu, mumeo anajenga ghala au anajenga zizi la tembo?"

"Dada, tunakula," mdogo wake akasema.

"Naona. Nauliza tu. Maana nondo alizoweka, hata tembo wangeona aibu."

Shemeji akaweka ganda la chungwa pembeni ya sahani. "Shemeji, ukipata nafasi, usome na ukurasa wa tatu. Nimeeleza."

"Kosa halielezwi. Kosa linafutwa."

Mdogo wake aliinuka kuchukua maji ambayo yalikuwa tayari mezani. Shemeji akaendelea kumenya chungwa. Baadaye aliandika barua mbili za kumwomba aangalie upya, za heshima tupu, na zote mbili Mkaguzi alizijibu kwa mstari mmoja: "Rejea maelezo yangu." Mwenye jengo alikuwa ameshasema neno la mwisho ni la mkaguzi, na mkandarasi, alipoona chuma kimepungua, alishukuru kama mtu aliyepewa zawadi. Nondo za kumi na sita zikakatwa, zikakunjwa, zikafungwa, na nguzo zikasimama.

Kumbe shemeji alikuwa na mtihani mwingine. Miaka sita alikuwa anafanya kazi chini ya majina ya watu wengine, anakokotoa yeye, wanasaini wao. Mwaka ule aliomba asajiliwe kuwa mhandisi kamili, nayo bodi ya usajili ilitaka barua ya aliyekagua kazi yake ya mwisho. Barua ikisema anafaa, anasaini mwenyewe. Ikisema hafai, anarudi nyuma ya foleni kwa miaka mitatu, na mdogo wake Mkaguzi alikuwa ameshampigia simu dada yake mara moja, akasema neno moja tu: "Dada."

"Undugu hauingii kwenye zege," Mkaguzi alimjibu, akakata simu.

Barua aliiandika asubuhi ya Jumanne, na kusema kweli aliifurahia. Alisema mwombaji hatofautishi zege bichi na zege kavu. Alisema ni mkaidi, amekosolewa mara tatu hasikii. Akaikunja, akaiweka mkobani, aipitishe bodi mchana.

Ndipo shemeji akapiga simu.

"Shemeji, leo saa sita tunamwaga mabega. Nimewasimamisha. Naomba uje uone kabla hatujamwaga."

"Mabega yanamwagwaje leo? Nguzo si zilimwagwa wiki mbili zilizopita?"

"Ndiyo, shemeji. Nguzo zilimwagwa wiki mbili zilizopita."

Mkaguzi alikasirika kwanza, kwa sababu kukasirika ndiko kulikokuwa karibu. Njia nzima aliendesha gari akimtukana mkandarasi, akimtukana shemeji, akiwatukana hata madereva wa mbele yake ambao hawakuwa na bega wala nguzo. Kwa hiyo wamekatisha zege! Wamefanya wanavyotaka! Leo ingekuwa siku nzuri ya kuongeza aya ya pili kwenye barua.

Ghala lilikuwa bado mifupa. Nguzo kumi na mbili zimesimama kwenye vumbi, na kutoka ubavuni mwa kila moja, kwenye kimo cha mita nne kutoka chini, nondo zimechomoza pande zote mbili kama sharubu za paka. Kwenye nguzo ya kwanza jukwaa la mbao lilikuwa tayari, boksi la kumwagia zege la bega limefungwa upande mmoja. Lori la zege lilikuwa limeegeshwa getini, pipa lake likizunguka taratibu, na dereva wake amelala.

Shemeji alikuja kumpokea na kofia ya ziada mkononi. Nyuma yake alikuwa fundi nondo, mzee mfupi wanayemwita Koleo, kwa kuwa koleo la kukazia waya halikuwahi kumtoka mfukoni, hata msibani.

"Nani amewaruhusu kumwaga nguzo kabla ya mabega?" Mkaguzi alianza hata kofia haijakaa.

"Boksi za nguzo ni za chuma, mama," Koleo akajibu. "Zimenyooka, hazina tawi la bega. Tumezitoboa matundu, nondo zikapenya, tukamwaga nguzo. Bega linafuata."

"Na mtu hakuniambia!"

Koleo akamtazama shemeji. Shemeji akatazama viatu vyake. Kutazamana kule hakukumpendeza Mkaguzi hata kidogo.

Wakapanda jukwaani. Koleo alimwonyesha uso wa nguzo, katikati ya nondo, pale bega litakapoungana nayo.

"Shika hapa, mama."

Akashika. Kiganja kikateleza. Uso ule ulikuwa laini kama sahani ya kauri, kwa sababu boksi la chuma hupakwa oili ili lisigande na zege, na oili yenyewe ilikuwa bado ipo. Akautazama mkono wake, una mng'aro. Akajikuta anaupangusa kwenye sketi, yeye aliyewahi kumfukuza mtu ofisini kwa kuwa na wino kwenye kola.

"Ukurasa wa tatu," akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Uliandika nini?"

"Unao, shemeji. Upo kwenye faili lako."

Ulikuwepo. Faili lilikuwa mkobani, amelibeba aje nalo kama fimbo. Akafungua ukurasa wa pili, wenye duara lake jekundu na darasa lake na chumvi yake. Akafunua. Ukurasa wa tatu ulikuwa mweupe, hauna alama, haujawahi hata kukunjwa. Juu kabisa, kwa mwandiko wa kipole, uliandikwa hivi: *Mkandarasi atamwaga nguzo kwanza kwa boksi za chuma, mabega baadaye. Uso wa nguzo utakuwa laini. Kwa hiyo nimetumia 0.6. Mchoro uliopo unaonyesha mkupuo mmoja, nimeomba ubadilishwe. Kama mkaguzi ataagiza uso ukwaruzwe, namba inaweza kuwa 1.0.*

Alisoma mara mbili. Mistari mitano. Hata chai isingepoa.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na hawakusema kwamba siku atakapoliona atakuwa juu ya jukwaa, mbele ya watu wawili, na lori la zege linamsubiri.

"Kalamu," akasema, japo alikuwa nayo.

Alitafuta karatasi ya kukokotolea. Mkobani hapakuwa na karatasi tupu ila moja, nayo ilikuwa tupu upande mmoja tu. Akaitoa barua ya bodi, akaigeuza kifudifudi, akaiweka juu ya faili na faili juu ya goti. Kwanza sifuri nukta sita, jinsi uso ulivyo. Chuma cha msuguano kikatoka zaidi ya mara mbili ya alichokipitisha. Theluthi mbili yake inatakiwa ikae juu ya bega, pamoja na chuma cha kuzuia mvuto. Maana boriti nayo ina vituko vyake: inaendelea kusinyaa kadiri inavyokauka, na ikisinyaa inalivuta bega kwa mbele. Mvuto huo unahesabiwa kuwa angalau moja ya tano ya mzigo, hata kama mtu anaapa haupo. Jumla, milimita za mraba elfu moja mia mbili arobaini na tisa. Nondo nne za ishirini zinatoa elfu moja mia mbili hamsini na saba.

Shemeji alikuwa amelenga kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Na zile za Mkaguzi mwenyewe, nne za kumi na sita, zinatoa mia nane na nne. Nne kwa nne. Ukisimama chini ukihesabu sharubu, huoni tofauti.

"Ngoja," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa akimharakisha. "Uso ukichokolewa. Mkichokoa kwa patasi, mabonde ya milimita sita, oili yote itoke. Namba inakuwa moja."

"Moja," shemeji akakubali.

Akakokotoa upya. Sasa aliomba, kweli aliomba, kimoyomoyo, mama huyu ambaye alikuwa akisema mahesabu hayajui dua. Chuma cha msuguano, mia tisa hamsini na mbili. Theluthi mbili, mia sita thelathini na tano. Ongeza cha mvuto, mia moja na tisini. Akajaribu na njia ya pili, ile ya bega kujaribu kukunjika kwenda chini, labda ingemsaidia. Ikatoka ndogo, mia nne themanini na moja, na kanuni inasema chukua iliyo kubwa. Mia nane ishirini na tano.

Alikuwa na mia nane na nne. Amepungukiwa na ishirini na moja.

Akahesabu na ringi. Zinatakiwa kuwa nusu ya kile cha juu ukitoa cha mvuto: mia tatu na kumi na saba. Ringi zake mbili zilitoa mia tatu na kumi na nne. Hata hapo amekosa kwa kitu cha unene wa msumari.

Shemeji alikuwa ameinama anasoma begani kwake. Akasema, kwa ile sauti yake ya kutoamsha mtoto, "Shemeji, hiyo ni asilimia mbili na nusu. Wakichokoa vizuri, hata mimi ningepitisha. Hakuna atakayeuliza."

Na hapo ndipo palipomuuma. Angezomewa angestahimili, kuzomea alikujua ndani nje, na angejibu. Lakini huyu alikuwa anamwonea huruma. Yeye amemkatia nondo, amemcheka mbele ya mkewe na mwanawe, amembebea barua ya kummaliza, na huyu huyu anamtafutia mlango wa kutokea. Mkaguzi alihisi uso unawaka moto. Aliona haya, haya ya kweli, ya utotoni, ambayo alikuwa amesahau inavyokaa mwilini.

"Mwaka juzi," akasema, "nilimrudishia mzee mmoja kazi yake yote kwa upungufu wa milimita za mraba kumi. Kumi! Nikamwambia karibu-na-sawa ni jina la makaburi. Alikuwa na umri wa baba yangu."

Koleo alikuwa akiangalia mbali, kwa adabu, akichezea koleo lake.

"Wewe kupitisha pungufu," Mkaguzi akamwambia shemeji, na sauti yake ya zamani ikarudi kidogo, "ndiyo maana sikukupenda. Unawahurumia watu. Bega halimjui mtu. Koleo!"

"Naam, mama."

"Lori lirudi. Leo hakumwagwi kitu. Chokoeni nyuso zote ishirini na nne, mabonde milimita sita, nami nitapima kwa rula. Halafu kwenye kila bega mtoboe nguzo, mgandishe kwa gundi ya zege nondo moja zaidi ya kumi na sita juu, na ringi ya tatu chini ya zile mbili, kwenye theluthi mbili ya juu ya bega, si chini huko. Nondo mpya zivutwe kwa mashine kwanza zijulikane zimeshika. Na ncha za nondo zote za juu, za zamani na mpya, zichomelewe kwenye nondo ya kukingama kule mbele. Shemeji atawachorea."

"Mkandarasi atauliza ni agizo la nani," Koleo akasema. "Na boriti zinakuja wiki ya tatu. Atapiga kelele."

"Atauliza ni kosa la nani," Mkaguzi akamsahihisha. "Mwambie la mkaguzi. Lisemeni hivyo hivyo, msilipambe."

Koleo akashuka ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu afike, Mkaguzi alisikia kicheko chake, kidogo tu, cha mzee anayejua vumbi la kazi itakayofuata. Getini dereva aliamshwa, akalalamika, pipa likaendelea kuzunguka na lori likaondoka na zege lake.

Wakabaki wawili jukwaani. Mkaguzi aliufunua ukurasa wa tatu tena, akauegemeza kwenye goti, na pale juu ya ile mistari mitano akaweka alama ya vema. Nyekundu, maana hakuwa na rangi nyingine. Mkono haukuizoea, ilitoka imepinda.

Kisha akaigeuza barua ya bodi. Upande wa pili wino wa mahesabu ulikuwa umepenya, namba zimeota katikati ya maneno yake ya asubuhi, mkaidi na hatofautishi. Isingepelekeka popote. Akaomba karatasi, na shemeji akachana moja kwenye daftari lake la kazi, lenye mistari, kona yake ina doa la oili.

Aliishika muda mrefu. Miaka kumi na tisa, na hakuwa na neno hata moja la kuanzia. Alijaribu "Nathibitisha", akafuta. Alijaribu "Kwa heshima", akafuta. Shemeji aligeuka akajifanya anapima nafasi kati ya nondo.

Mwishowe akaandika: *Mwombaji alikuwa sahihi tangu mwanzo, na alieleza. Mimi sikusoma. Nondo ambazo mtaona zimeongezwa kwenye mabega ya jengo hili ni za kosa langu, si lake. Msajilini.*

Akasaini. Akaisoma tangu juu mpaka chini, kila mstari, mpaka mwisho wa karatasi. Halafu akampa aisome.

Shemeji alisoma taratibu kama anavyofanya kila kitu. Alipofika katikati akasita.

"Shemeji," akasema, "hapa kuna kosa."

"Wapi?"

"Umeandika nondo zimeongezwa. Na ringi pia zimeongezwa."

Mkaguzi akamtazama. Akamtazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa. Kisha akanyoosha mkono wenye oili, akaichukua karatasi, na kwa kalamu yake nyekundu akalizungushia duara kosa lake.